Muhula wa Pili Unaanza Lini?

Matokeo ya kidato cha nne yalitangazwa tarehe 23 Januari 2025, na wiki haikukatika kabla familia moja ya Kitomanga, kwenye barabara kuu ya kwenda Lindi, haijagawanyika. Binti kapata daraja la tatu na anataka uhasibu. Vyuo vya biashara vinatangaza mkupuo wa Machi. Mkupuo mkuu, ule wa Septemba na Oktoba, uko mbali miezi minane. Aende sasa au angoje?

Waliobishana barazani walikuwa watano. Majina yao nayaacha, nawaita kwa nafasi zao. Kuna Baba, mkulima wa korosho na ufuta. Kuna Kaka, mtoto wa baba mdogo, aliyeanza chuo Machi miaka michache nyuma na sasa anashika vitabu vya duka la vifaa vya ujenzi mjini. Kuna Bibi. Kuna Mama Udahili, aliyekaa ofisi ya udahili ya chuo kimoja cha kusini mpaka akastaafu. Na kuna Binti mwenyewe, ambaye kwa nusu ya kwanza ya mazungumzo hakuulizwa kitu.

BABA: Mimi sababu yangu ni moja, wala si ya kitaaluma. Fedha ya korosho ipo. Mwaka jana mnada wa kwanza, mwezi wa kumi, bei ilivuka shilingi 4,000 kwa kilo. Machi ninayo bado. Ikifika Oktoba itakuwa imekwenda kwenye palizi, kwenye vibarua, kwenye bati. Na Oktoba hiyo korosho ndiyo kwanza zinaanguka, sijapeleka hata gunia moja ghalani.

KAKA: Baba mkubwa umesema kweli. Na kingine, akikaa nyumbani miezi minane atasahau hata kujumlisha. Mimi nilianza Machi, Novemba nikawa nimemaliza mwaka wa kwanza, nikaingia wa pili pamoja na wale wa Oktoba. Wenzangu tuliomaliza nao kidato cha nne, wakangoja, niliwaacha mwaka mzima. Machi ni njia ya mkato.

BIBI: Machi ndiyo ile ya waliobaki? Wale ambao Serikali haikuwachagua? Mjukuu wangu hakufeli. Kwa nini asingoje aende kidato cha tano kama mama yake mdogo?

Swali la Bibi lilikuwa la jambo jingine, lakini lilibeba dhana inayotembea sana pwani hii: kwamba Machi ni ya makombo. Mama Udahili alilichukua polepole.

MAMA UDAHILI: Hapana, bibi. Aliyemaliza kidato cha nne Novemba, Januari anayo matokeo mkononi. Machi inamkuta akiwa tayari. Uchaguzi wa TAMISEMI, wa kidato cha tano na wa vyuo, hutoka mwishoni mwa Mei au Juni, na kidato cha tano kinaanza Julai. Kwa hiyo anayekwenda Machi hajaachwa na mtu, ila ametangulia kabla orodha haijasomwa. Shida yake ni nyingine: orodha ikisomwa Juni na jina lake limo, atakuwa ameshalipa ada mahali.

BABA: Si ataacha, aende huko?

MAMA UDAHILI: Ataacha, ndiyo. Ada mara nyingi hairudi. Kwa hiyo hilo liamuliwe hapa, leo: kidato cha tano anakitaka au hakitaki?

BINTI: Sikitaki.

MAMA UDAHILI: Basi bibi tumemjibu. Sasa wewe, mwanangu, hiyo njia yako ya mkato.

KAKA: Naam, mama.

MAMA UDAHILI: Chuo chako muhula wa pili kilianza lini?

KAKA: Mwishoni mwa Julai. Tulipumzika kama wiki mbili hivi, tukarudi.

MAMA UDAHILI: Basi hapo ndipo ulipouokoa mwaka. Si kwa sababu ya Machi.

Ningependa msomaji asimame hapa kidogo, maana ubishi wote wa Kitomanga ulikuwa umezungushwa kwenye jina la mwezi, na jina la mwezi halisemi lolote. Vyuo vinavyopokea Machi haviwapitishi wanafunzi wake njia moja. Kuna chuo kinachobana: muhula wa kwanza Machi mpaka mapema Julai, muhula wa pili mwishoni mwa Julai mpaka Novemba, halafu kundi la Machi linaunganishwa na kundi kuu mwaka wa pili unapoanza. Kuna chuo kingine kisichobana. Muhula wa kwanza unaisha Julai, watu wote wanakwenda likizo ndefu, muhula wa pili unaanza Oktoba na kwisha Februari. Kundi la Machi linabaki kundi la Machi mpaka siku ya kuhitimu.

Mama Udahili aliomba daftari akachora mistari mitatu. Binti anaanza cheti, ngazi ya nne, kisha ngazi ya tano, kisha stashahada, ngazi ya sita; kila moja mwaka mmoja. Baada ya hapo anataka shahada. Mstari wa kwanza, chuo kinachobana: Machi 2025 mpaka Novemba mwaka huohuo, kisha miaka miwili na kundi kuu, anamaliza Julai 2027, anaingia shahada Oktoba 2027. Mstari wa pili, chuo kisichobana: anamaliza Februari 2028. Mstari wa tatu, angoje Oktoba 2025: anamaliza Julai 2028.

KAKA: Unaona, mama? Hata kwenye mstari wa pili wa Machi anatangulia miezi mitano.

MAMA UDAHILI: Anatangulia wapi? Shahada inaanza Oktoba. Huyu wa Februari 2028 na yule wa Julai 2028 wote wataingia mlango mmoja, Oktoba 2028.

Kaka alinyamaza kidogo, kisha akajitetea, na utetezi wake ulikuwa na uzito: si kila mtu anataka shahada. Anayetaka kazi, miezi mitano ni miezi mitano ya mshahara. Mama Udahili alimkubalia. Ila alisema kuna kitu kingine ndani ya miezi ile, na hapa ndipo nilipojua kwamba nazungumza na mtu aliyekaa dirishani miaka mingi.

MAMA UDAHILI: Mwenye stashahada haombi chuo kikuu kwa cheti mkononi tu. Lazima apate namba ya uhakiki kutoka NACTVET, ile AVN, na haipati mpaka chuo chake kiwe kimepeleka matokeo yake barazani. Sasa aliyemaliza Julai, matokeo yanapitishwa Agosti, chuo kinachelewa kuyapeleka, na madirisha ya maombi ya vyuo vikuu yanafunguliwa na kufungwa kati ya Julai na Septemba. Nimewaona watoto wana wastani mzuri, zaidi ya ule wa 3.0 unaotakiwa, wanazunguka na simu wakitafuta namba. Wengine wanaingia awamu ya mwisho, kozi waliyoitaka imeshajaa. Huyu wa Februari ana Machi mpaka Juni yote ya kuifuatilia. Kwa hiyo ile miezi haikupotea yote.

BABA: Dada, unanichanganya. Sasa unamtetea wa Machi au wa Oktoba?

MAMA UDAHILI: Simtetei mtu. Nasema chuo kinachobana kinampa mwaka, na chuo kisichobana kinampa nafasi ya kupumua, na bei zake ni mbalimbali.

Bei ya kwanza aliyoitaja haikuwa fedha. Chuo kinachobana hakina nafasi ya kuteleza. Mwanafunzi wa kundi kuu akishindwa somo la muhula wa pili, anafanya sapu wakati wa likizo ndefu, na mwaka unaofuata haujaanza. Wa Machi aliyebanwa anamaliza mitihani Novemba, na darasa la mwaka wa pili limeshaingia au liko mlangoni. Sapu yake inaangukia wakati wenzake wanajisajili. Akiikosa, au matokeo yakichelewa kwa mwezi tu, gari limeondoka. Anangoja Machi ijayo au anakwenda na somo la kukeri, na ule mwaka uliookolewa umerudi ulikotoka.

KAKA: Hilo ni kweli. Darasani kwetu kuna waliobaki hivyo hivyo.

BINTI: Hukulisema mwanzo.

KAKA: Hukuniuliza.

Bei ya pili aliieleza kwa mfano wa darasa la uhasibu. Chuo chenye kundi dogo la Machi, pengine wanafunzi ishirini, kinaona hasara kuweka mwalimu wa pili. Kinafanya nini? Kinawaingiza wageni kwenye vipindi vya muhula wa pili vya kundi lililoanza Oktoba, kwa ahadi kwamba masomo ya muhula wa kwanza watayapata baadaye. Matokeo yake, mtoto ambaye hajajua upande wa debiti na wa krediti anakaa mbele ya ubao unaofunga hesabu za mwisho wa mwaka: uchakavu wa mali, madeni yasiyolipika, mizania. Atakariri. Mtihani anaweza hata kuupita. Muhula unaofuata anafundishwa daftari la fedha kama mtu anayejengewa msingi baada ya paa. Dalili yake, alisema Mama Udahili, iko kwenye ratiba. Ukikuta namba ya somo, chumba na saa ni zilezile kwa wageni wa Machi na kwa walioanza Oktoba, umechanganywa.

Mimi hapa naongeza la kwangu. Masomo mengine hayaumii. Stadi za mawasiliano, kompyuta, maadili, unaweza kuyachukua kwa mpangilio wowote. Yanayoumia ni yale yanayopandiana: uhasibu, hisabati, takwimu, na kozi za ufundi. Kwa hiyo swali la mpangilio halina uzito sawa kwa anayekwenda kusomea utunzaji wa kumbukumbu na anayekwenda kusomea uhasibu.

BABA: Mimi narudi kwenye fedha. Tuseme ada ni milioni moja kwa mwaka. Hicho chuo kinachobana nitalipa lini?

MAMA UDAHILI: Machi, ya mwaka wa kwanza. Novemba, ya mwaka wa pili.

BABA: Milioni mbili ndani ya miezi tisa?

MAMA UDAHILI: Vyuo vinaruhusu awamu. Lakini jumla ndiyo hiyo, ndiyo.

Baba alihesabu kwa sauti, na hesabu yake naiandika kama alivyoisema maana ndiyo hesabu ya nyumba nyingi za huku. Korosho zinalipa kuanzia mwishoni mwa Oktoba mpaka Januari, kadiri minada ya chama kikuu, Lindi Mwambao, inavyokwenda. Ufuta unalipa Juni na Julai. Ada ya Machi inatoka kwenye korosho zilizopita. Ada ya Novemba inaangukia kwenye minada ya mwanzo ya msimu mpya, akiwa na bahati. Malipo ya AMCOS yakichelewa, mtoto hajasajiliwa. Kwa mkupuo mkuu ada ya Oktoba lazima itoke kwenye ufuta wa Juni, yaani fedha itunzwe miezi minne bila kuguswa. Alipofika hapo alicheka mwenyewe. Fedha ya ufuta, alisema, haijawahi kulala ndani ya nyumba hii miezi minne.

BABA: Hicho kisichobana je?

MAMA UDAHILI: Ada kila Machi, baada ya korosho. Na likizo ya Julai mpaka Oktoba mtoto yuko nyumbani.

BABA: Basi hicho ndicho cha mkulima.

KAKA: Na ndicho kisichookoa mwaka, baba mkubwa.

BABA: Mwaka nautaka wa nini nikishindwa kuulipia?

Bibi alikuwa amengoja zamu yake. Yeye alitaka kujua mtoto atalala wapi, na nilidhani anataka tu kuzungumzia ndugu yake wa Mtwara. Kweli, alimzungumzia, kwa muda mrefu: chumba cha uani, mlango usio na komeo, kijana wa jirani. Lakini swali lake lilifungua jambo ambalo wote walikuwa wamelipita.

MAMA UDAHILI: Vitanda vya bweni hugawiwa Oktoba. Machi havigawiwi, vinatafutwa. Unapata cha aliyeacha chuo, aliyehamia mtaani, aliyeolewa. Ukifika wiki ya kwanza unaweza kupata. Ukifika wiki ya tatu, hapana.

BIBI: Akikipata?

MAMA UDAHILI: Ulizeni malipo yanafika mwezi gani. Kuna bweni linalotoza kwa mwaka wa masomo, na mwaka wa masomo wa bweni unaisha Julai. Analipa Machi, Julai anaambiwa toa virago. Kama ni chuo kinachobana, mwishoni mwa Julai anarudi darasani na bweni limefungwa kwa ukarabati, au liko wazi kwa malipo mapya.

BINTI: Na Oktoba?

MAMA UDAHILI: Oktoba ndiyo mbaya zaidi, mwanangu. Vyuo vingi vinawapa vitanda kwanza wageni wa mwaka wa kwanza. Wewe siku hiyo si mgeni tena, umekwishaitwa mwanafunzi anayeendelea, ingawa una miezi saba tu pale. Unakuwa umekosa upendeleo wa wageni mara mbili: Machi hapakuwa na vitanda, Oktoba vipo lakini si vyako.

Kaka alikiri alipanga mtaani tangu mwanzo. Mwenye nyumba alitaka kodi ya miezi sita mbele. Kwa chumba cha shilingi 40,000 ni 240,000 kabla hujanunua godoro. Miezi sita kuanzia Machi inaisha Agosti, katikati ya muhula wa pili uliobanwa, wakati ambao nyumbani fedha ya ufuta imeshapangiwa. Kwa chuo kisichobana mkataba uleule unakula mwezi mzima wa likizo mtoto akiwa Kitomanga, na chumba ukikiachia hukikuti Oktoba, maana ndiyo mwezi ambao kundi kuu linamiminika mjini na kodi inapanda. Ushauri wake, na huu niliuona wa maana, ulikuwa kumwomba mwenye nyumba mkataba wa miezi minne kisha mitano. Wengine wanakubali Machi, kwa sababu Machi vyumba vimekaa tupu na wao pia wana njaa.

Mvua walizitaja kwa kifupi. Machi na Aprili ni masika, na hakuna mtu wa barabara hii aliyesahau Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipopita na barabara ya Dar es Salaam ikakatika kule Somanga. Anayeripoti Machi kwenye chuo cha Dar abebe fedha ya kulala njiani. Anayekwenda Mtwara, ambako Taasisi ya Uhasibu Tanzania ina kampasi, hiyo barabara ya kaskazini haimhusu. Bibi aliongeza kwamba Machi hiyo ni Ramadhani, na mtoto atafuturu wapi mwezi wake wa kwanza ugenini? Hakuna aliyemjibu.

Ikabaki mikopo, na hapo sauti zilipanda.

KAKA: Mkopo Machi haupo. Hilo nalijua, mimi sikupata.

MAMA UDAHILI: Ulisoma ngazi gani?

KAKA: Cheti. Uhasibu.

MAMA UDAHILI: Ungeanza Oktoba usingepata vilevile. Bodi ya Mikopo ilianza kukopesha stashahada mwaka wa masomo 2023/24, na kwa fani zilizoteuliwa: afya, ualimu wa sayansi, kilimo na mifugo, uhandisi wa nishati, madini, usafirishaji. Uhasibu haumo, na cheti si stashahada. Wewe hukunyimwa na mwezi, ulinyimwa na kozi.

KAKA: Basi kwa huyu binti mkopo tusiuzungumzie kabisa.

MAMA UDAHILI: Kwa sasa, hapana. Kwa shahada, ndiyo, na hapo mwezi unaingia tena. Dirisha la mikopo ya shahada hufunguliwa katikati ya mwaka. 2024 lilikuwa tarehe 1 Juni mpaka 31 Agosti, likaongezwa kidogo. Anayemaliza stashahada Februari ataliingia na karatasi zote, cheti cha kuzaliwa kimeshahakikiwa RITA, AVN ipo. Anayemaliza Julai anaomba huku akiomboleza. Na mkishazubaa mkakosa, fedha ya chakula na malazi peke yake ni shilingi 10,000 kwa siku. Pigeni hesabu ya muhula.

BABA: Na huo ufadhili wa Rais?

MAMA UDAHILI: Samia Skolashipu ni ya waliofanya vizuri sana sayansi kidato cha sita, wakaenda shahada za sayansi, uhandisi, tiba. Njia ya cheti haifiki huko hata ukianza mwezi gani.

Baba alisema basi anayeweza kufika kidato cha sita cha sayansi asikimbilie Machi. Mama Udahili hakukataa. Binti alikumbusha kwamba fizikia alipata F.

Kaka hakuridhika. Kwake yeye mtoto anayekaa Kitomanga miezi minane ana hatari ambazo hakuna kalenda inayozionyesha, hasa mtoto wa kike, na hakuzitaja kwa majina kwa sababu Bibi alikuwepo. Mama Udahili alisema hatari hizo anazijua, lakini likizo ya Julai mpaka Oktoba ya chuo kisichobana inamrudisha mtoto palepale. Hapo hawakukubaliana, na mimi sina la kuwasuluhisha.

Aliyefanya kazi ni Binti. Alichukua simu ya baba yake akaandikia vyuo viwili maswali manne: muhula wa pili kwa wanaoanza Machi unaanza tarehe gani, mwaka wa pili tunaungana na kundi la Oktoba au hatuungani, bweni likilipiwa Machi linafika mwezi gani, na sapu za kundi la Machi hufanyika lini. Kimoja kilijibu siku iliyofuata kwa kutuma kalenda yote, na ilikuwa ya kubana. Cha pili, ambacho Baba alikitaka kwa sababu kiko karibu na ada yake ni nafuu, kilijibu kwamba ratiba kamili hutolewa baada ya usajili.

KAKA: Jisajili kile cha karibu, nafasi zitajaa.

BABA: Nijisajili ndipo niambiwe ninasajili nini?

MAMA UDAHILI: Mtafuteni mwanafunzi wa pale aliyeanza Machi iliyopita. Mwulizeni Agosti alikuwa wapi.

Binti alimpata, mtoto wa Mchinga. Agosti alikuwa nyumbani kwao, anasaidia kazi za shamba. Oktoba aliporudi chuoni alikuta kitanda chake kina mtu.